Na Wengine Wote Ambao Sikuwataja

Mtu mzima, mwalimu wa sekondari, mwenye miwani na mke na watoto watatu, alikaa mbele ya kompyuta ya Zuhra akapunguza herufi za shukrani zake mpaka zikawa ndogo kama mayai ya chawa, ili kurasa saba zionekane ukurasa mmoja. Kisha akamtumia msimamizi wake chuoni, akaenda kunywa chai, roho kwatu.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Zuhra alilisoma yeye kwanza, maana kompyuta ni yake na steshenari ni yake, pale nyuma ya soko la Kasulu, na kwa miaka kumi na minane aliyopiga chapa kazi za wasomi hakuna siri ya msomi asiyoijua.

"Mwalimu Tharsisi," Dakta Kalunga alikuwa ameandika, "mimi bado naona kurasa saba. Chuo kinataka ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa kumi na mbili, nafasi ya mstari moja na nusu. Ijumaa saa kumi jioni ninapeleka orodha ya waliomaliza masahihisho. Asiyekuwemo atahitimu mwakani. Tena, mweleze msomaji kila mtu amefanya nini, siyo wewe umelia mara ngapi."

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

"Mama Zuhra, nisaidie," alisema Tharsisi. "Wewe umeona tasnifu nyingi. Mimi nikiigusa tu, mkono unakufa ganzi."

Zuhra alirudisha herufi kwenye ukubwa wake wa halali, akazitoa kurasa zote saba kwenye printa, akavaa miwani. Alikuwa amepiga chapa tasnifu yote ya mwalimu huyu, sura ya kwanza hadi viambatisho. Ilihusu nyimbo za kubembelezea watoto za akina mama Wabembe wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ilikuwa kazi nzuri, hilo alilikubali. Shukrani tu ndizo alizokuwa hajaziona. Mwalimu alikwenda nazo kwao Kitahana, kule Kibondo, akaziandika mwenyewe kwenye simu, akarudi nazo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Mungu kwa majina yake yote. Wa pili ulikuwa wa diwani, "simba wa maendeleo asiyelala". Wa tatu na wa nne zilikuwa za marehemu mama yake, na machozi yalitiririka humo mpaka Zuhra akatamani kuuanika ukurasa juani. Wa tano ulikuwa wa baba yake mkubwa, mzee Reverien, pamoja na ng'ombe wake aliyeuzwa ili mwalimu asome, na ng'ombe huyo alielezwa rangi, pembe, na hata tabia. Wa sita ulibeba kwaya, timu ya mpira, wapangaji wenzake, na dereva wa bodaboda aliyemwahisha kwenye basi siku moja ya mvua. Wa saba ulikuwa wa Sophie, mkewe, "ua lisilonyauka la moyo wangu". Neno "za dhati" lilirudi mara arobaini na moja. Zuhra alilihesabu kwa kalamu.

Mwisho kabisa paliandikwa: "Si rahisi kumtaja kila mmoja. Na wengine wote ambao sikuwataja, wajue kwamba nathamini mchango wao kwa namna moja au nyingine."

Zuhra alirudi ukurasa wa kwanza. Akaperuzi tena mpaka wa saba, kidole kikitembea chini ya kila jina. Watu themanini na sita na ng'ombe mmoja. Jina alilolitafuta halikuwemo.

"Elise yuko wapi?" aliuliza.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Yumo. Pale mwishoni."

"Pale mwishoni pana nukta."

"Kwenye wale wengine."

Hapo ndipo Zuhra alipohisi damu inampanda. Kwani nani asiyemjua Elise katika steshenari ile? Elise Wabiwa, mama Cadet, mkimbizi kutoka Fizi, Kongo, mwanamke mrefu mwenye mwandiko ulionyooka kuliko wa hakimu. Ni yeye aliyekaa na wale akina mama kambini miezi mitano, nyumba kwa nyumba, akiwarekodi kwa simu. Ni yeye aliyeziandika nyimbo sitini na mbili kwa Kibembe, mstari kwa mstari, halafu akazitafsiri kwa Kiswahili kwenye madaftari tisa. Kila alipopata kibali cha kutoka kambini alikuja nayo, akaketi kwenye kiti hiki hiki alichokalia mwalimu sasa, akamsomea Zuhra neno kwa neno pale ambapo wino ulikuwa umefifia. Mwalimu Tharsisi ni Muha wa Kitahana. Kibembe anachokijua yeye ni kusema asante, na hata hiyo anaikosea.

Na malipo gani aliyataka? Siku ile mwalimu alipomuuliza, Zuhra alikuwepo, anabana karatasi kwa pini.

"Mi naomba kitu moja tu, mwalimu," Elise alisema. "Jina yangu iandikwe mu kitabu. Diplôme yangu ilichomekaka na nyumba. Leo nikisema mi ni mwalimu, niko mutafsiri, batu banasema: iko wapi karatasi?"

Mwalimu aliapa. Aliapa kwa kaburi la mama yake, huyo huyo aliyemlilia kurasa mbili. Na sasa shirika moja kule kambini lilikuwa linatafuta mkalimani wa Kibembe na Kiswahili, usaili ni Jumatatu, na kila mwombaji alete ushahidi wa kazi aliyowahi kufanya. Elise alishawaambia kwamba jina lake limo kwenye tasnifu ya chuo kikuu. Kesho Alhamisi alikuwa anakuja na kibali cha siku moja kuchukua nakala ya ukurasa wenyewe. Nakala ya nini? Ya nukta?

"Maadili ya utafiti, Mama Zuhra," alisema mwalimu, sasa kwa sauti ya darasani. "Watu wa kambini hatuwataji majina. Ni kwa usalama wao."

"Sura ya tatu nimeichapa mimi," Zuhra alimjibu. "Umeandika kwamba majina ya watoa taarifa yamefichwa kwa namba. Walioimba ndio watoa taarifa, na wana namba zao, wa kwanza mpaka wa ishirini na nne. Elise hakuimba. Elise alikuwa msaidizi wako wa utafiti, na msaidizi akiridhia anatajwa. Huyu ameridhia, ameomba, amebembeleza. Usinifundishe kazi yangu ndani ya duka langu."

Mwalimu akatafuta mlango mwingine. "Basi ni nafasi. Ukurasa ni mmoja, na watu wa kwetu..."

"Nafasi nitakupa mimi," alisema Zuhra, akavuta kibodi.

Walifanya kazi kutwa. Zuhra alikuwa na utaratibu wake ambao hakuusoma popote. Alimtajia mwalimu jina moja moja na kumuuliza swali moja tu: alifanya nini katika kazi hii? Mwalimu akijibu kwa kitendo, mtu anabaki na kitendo chake. Akijibu kwa sifa, mtu anatoka.

"Diwani. Alifanya nini?"

"Ni kiongozi mwenye maono."

"Kwenye tasnifu alifanya nini?"

"Alihudhuria."

"Alihudhuria nini?"

"Sherehe ya kuniaga."

"Atoke."

Diwani akatoka na usimba wake. Kwaya ikatoka, timu ikatoka, bodaboda akatoka ingawa mwalimu alimtetea sana. Mkuu wa shule alibaki kwa sababu alimpunguzia vipindi kwa miaka miwili. Ofisi zilizotoa vibali vya kuingia kambini zilibaki kwa mstari mmoja. Watahini walibaki kwa masahihisho yao. Dakta Kalunga alipewa nafasi ya juu kabisa baada ya Mungu, na zile "za dhati" zake zote zikafutwa, pakawekwa kwamba alisoma rasimu nne na kuzirudisha kwa wakati. Mwalimu aliusoma mstari huo mara mbili, akakubali kwamba ulikuwa mzito kuliko aya yake nzima.

Kwa mama yake walikwama. Mwalimu aliishikilia ile karatasi kwa mikono miwili.

"Hapa usiguse," alisema.

"Sigusi. Niambie tu, alifanya nini?"

 Wateja wawili wa fotokopi walihudumiwa wakaondoka.

"Alikuwa anatoka Kitahana usiku wa manane, na maharage kichwani, mpaka Kibondo mjini," alisema mwalimu hatimaye. "Kwa miguu. Akiuza ananinunulia daftari. Sikuwahi kukosa daftari hata muhula mmoja."

Zuhra alivuta kibodi. Alifungua ukurasa wa tabaruku, ambao mwalimu alikuwa ameuacha mtupu, akaandika katikati yake: *Kwa mama yangu, Anastazia, aliyekwenda Kibondo kwa miguu na maharage kichwani ili mimi nisikose daftari.* Akamgeuzia kioo. Mwalimu aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akazikunja zile kurasa mbili za machozi akazitia mfukoni, na Zuhra akamhurumia kwelikweli. Mtu akimpenda mama yake namna ile hawezi kuwa mtu mbaya. Ndiyo maana hasira yake ilizidi badala ya kupungua. Aliyejua uzito wa daftari moja alipewaje tisa, akaona hayana mwenyewe?

Ilipofika saa kumi ukurasa ulikuwa umekaa vizuri, umebaki na mistari mitatu chini. Zuhra alikwenda kuswali. Aliporudi alikuta mistari imejazwa. Mwalimu alikuwa amemrudisha mzee Reverien na ng'ombe wake, na baada ya ng'ombe akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Na wengine wote ambao sikuwataja."

"Mwalimu," alisema Zuhra polepole, "hivi wewe unaogopa nini?"

Ndipo hadithi yenyewe ikatoka, kipande kwa kipande. Siku ya Pasaka ukoo mzima ulikutana Kitahana, na mwalimu akaambiwa asome shukrani zake mbele ya watu, wajue jina la nani limeingia chuo kikuu. Mzee Reverien alishika daftari kubwa kama katibu wa kikao. Kila mwalimu alipofika mwisho wa aya, mtu alikohoa, akakumbusha kwamba naye alichangia sufuria au alimwombea, na mzee akaandika, na mwalimu akaongeza. Ndivyo ukurasa ulivyovimba ukawa kurasa saba. Aliyekuwepo uani siku ile aliingia. Ambaye hakuwepo hakuwa na wa kumkoholea.

"Na wewe mdomo hukuwa nao?" aliuliza Zuhra.

Mwalimu aliinama. Kumbe kabla ya kusoma walimwomba awaimbie wimbo mmoja katika hizo alizozisomea. Akaimba, kwa Kibembe, wimbo ambao Elise alimkaririsha kwa wiki mbili. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi mmoja akasema, mtoto wetu amejifunza lugha ya Wakongo mpaka anaitafsiri. Na yeye akatabasamu.

"Sikusema uongo," alisema.

"Ulitabasamu," alisema Zuhra.

"Nikimtaja sasa wataniuliza: kumbe kazi ilifanywa na mwanamke wa kambini?"

"Na si ndivyo?"

"Uchambuzi ni wangu, Mama Zuhra. Sura ya nne na ya tano ni jasho langu."

"Hakuna aliyekunyang'anya jasho lako. Wewe ndiye umenyang'anya la mwenzio." Sauti ya Zuhra ilikuwa imepanda, na mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akajifanya anasoma kalenda. "Ng'ombe ana rangi na pembe. Elise ni wengine. Sikiliza nikwambie. Mimi nitakuchapia chochote unachotaka, ndiyo biashara yangu, lakini kesho huyo mwanamke akifika hapa, karatasi hiyo utampa wewe kwa mkono wako. Mimi sitampa."

Mwalimu alifunga mkoba wake akaenda zake nyumba ya wageni bila kuaga.

Kesho yake Elise alifika saa tatu, kitenge kimepigwa pasi, na bahasha ya plastiki kwapani. Mwalimu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Elise aliwasalimu wote kwa furaha, akamuuliza Zuhra habari za mguu wake, akamuuliza mwalimu habari za Sophie na watoto. Akasema amepata lifti mapema, kibali chake kinaisha jioni, na Jumatatu saa mbili kamili ndiyo usaili.

"Banauliza karatasi," alisema. "Nikabaambia: iko Kasulu, kwa mama Zuhra."

Zuhra alimtazama mwalimu. Hakumwondolea macho.

Mwalimu alichukua karatasi ya jana akampa. Elise aliisoma kwa utulivu, akisogeza midomo kidogo. Alifika mwisho. Akaigeuza akatazama nyuma, palikuwa peupe. Akairudia kutoka juu.

"Iko page ingine?" aliuliza.

"Hakuna," alisema mwalimu.

Elise aliiweka karatasi juu ya meza, akailainisha kwa kiganja kama anayelaza nguo. Hakulia wala hakupiga kelele, na Zuhra alitamani apige.

"Mwalimu," alisema Elise, "bale bamama ishirini na bane, mi niliwaambia: huyu mutu ni muzuri, mumufungulie mulango. Bakaimba nyimbo za batoto yabo benye walikufa. Bakaimba kwa sababu yangu. Mi nitabaambia nini?"

  Mwalimu akafanya jambo ambalo Zuhra hakulitarajia: akatoa simu, akampigia mzee Reverien, akaiweka simu kwenye spika juu ya meza, kati ya punchi na gundi.

"Baba mkubwa, mwakeye," alianza kwa salamu ya Kiha. "Ni ule ukurasa. Chuo kinataka upunguzwe. Nilikuwa nataka kusema... ng'ombe wako..."

"Ng'ombe amefanya nini tena?" iliuliza sauti ya mzee, na nyuma yake jogoo akawika.

"Yuko mtu sikumtaja siku ile. Mama mmoja wa Nyarugusu, Mkongomani. Zile nyimbo ni yeye aliyezikusanya. Ni yeye aliyezitafsiri. Mimi Kibembe sikijui, baba mkubwa. Ule wimbo niliimba kwa kukariri."

Zuhra akainama kusikia vizuri.

"Tharsisi," alisema mzee. "Siku ile nimeandika majina mpaka kalamu imeisha. Nimemwandika mpaka Ntirampeba, ambaye alikuja kula tu. Nikakuuliza mbele ya watu wote: wameisha? Ukaniambia wameisha."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Ukanifanya mimi katibu wa uongo."

"Nisamehe."

"Msamaha utaniomba huku. Huyo mama yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anakusikia."

"Mama," alisema mzee, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama, "mimi ni Reverien wa Kitahana. Hapa kwetu walipita wakimbizi wengi miaka ile, walilala kwenye ua huu. Nimeaibika. Ng'ombe alikuwa wangu ni kweli, lakini hakuimba na hakutafsiri. Tharsisi, mtoe ng'ombe. Nami nitoe, nafasi yangu mpe yeye. Jumapili utakuja huku usome upya, umesimama pale pale uliposimama, na mimi nitashika daftari."

Simu ikakatika. Zuhra aligundua kwamba alikuwa ameshika mkasi muda wote bila kujua.

"Mzee hatoki," alisema. "Alikulea, hicho ni kitendo. Ng'ombe ndiye anatoka." Akainuka kutoka kwenye kiti chake, akamwonyesha mwalimu kibodi. "Kaa. Leo unachapa mwenyewe."

Mwalimu alikaa. Akafuta ng'ombe. Akafuta "Na wengine wote ambao sikuwataja", herufi moja moja kutoka nyuma kwenda mbele, na Zuhra akiangalia alihisi kama anayetolewa mwiba. Kisha mwalimu akaandika: "Namshukuru Bi. Elise Wabiwa, aliyenisaidia katika lugha ya Kibembe."

Elise alikuwa amesimama nyuma yake. "Hapana," alisema.

Mwalimu akageuka.

"Mi sikukusaidia mu lugha. Kusaidia ni kubeba mufuko. Mi nilirekodi, niliandika, nilitafsiri. Andika vile nilifanya."

Zuhra alitaka kucheka kwa raha, akajizuia. Swali lake mwenyewe la jana lilikuwa limemrudia mwalimu kutoka kinywa kingine. Mwalimu akafuta, akaandika upya, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuandika sifa hata moja. Alipomaliza, ukurasa ulikuwa mmoja, kwa herufi za kumi na mbili, na mstari mmoja ukabaki mtupu chini. Zuhra akakumbusha kwamba sura ya tatu nayo iseme wazi nani alizitafsiri nyimbo, kwa kuwa jina likikaa kwenye shukrani tu mtu atadhani ni fadhila. Mwalimu akaongeza na huko.

Elise alinyoosha mkono kuchukua karatasi kwenye printa. Zuhra akamtangulia, akaichukua ikiwa bado ya moto, akampa mwalimu.

"Jumapili utasoma Kitahana," alisema. "Kibali cha huyu hakifiki Kitahana. Msomee hapa."

Wateja walikuwepo watano: mama wa pasipoti aliyerudia picha zake, vijana wawili wenye vyeti vya kunakili, bwana mmoja wa hati ya kiwanja, na Saady wa duka la vitambaa la jirani aliyekuja kuomba chenji akasahau alichokuja kuomba. Mwalimu aliwatazama, akamtazama Zuhra, akaona hakuna pa kupitia. Akasimama.

"Namshukuru Mungu kwa uzima," alisoma. "Namshukuru msimamizi wangu, Dakta Kalunga, aliyesoma rasimu nne za kazi hii na kuzirudisha kwa wakati zikiwa na maswali yaliyoniamsha. Nawashukuru watahini kwa masahihisho yao, na ofisi zilizonipa vibali vya kuingia kambini. Nawashukuru akina mama ishirini na wanne wa Nyarugusu walionifungulia milango yao na kuimba nyimbo ambazo nyingine ziliwaumiza kuziimba."

Akairekebisha miwani.

"Nyimbo zote sitini na mbili zilizomo katika tasnifu hii zilirekodiwa, zikaandikwa na kutafsiriwa kutoka Kibembe na Bi. Elise Wabiwa, mwalimu." Sauti ilishuka hapo, jina likapotea ndani ya kola ya shati. "Bila yeye..."

"Sijasikia," alisema Zuhra. "Rudia."

Mwalimu akainua uso.  Akarudi mwanzo wa sentensi, akaisoma tena taratibu, na alipofika kwenye jina akalisema kwa sauti aliyoimbia siku ya Pasaka.

"Bi. Elise Wabiwa, mwalimu."

Elise alikuwa ameshafungua bahasha yake ya plastiki, ameishika wazi kwa mikono miwili, anasubiri karatasi. Humo ndani hamkuwa na kitu kingine.